Pindo la Leso Lilipoinama

Walionivunja ni watatu, na wawili kati yao hawakunigusa hata kwa kidole. Mimi si mtu wa shule, lakini hili nalijua kwa nyonga yangu.

Nilikuwa hamali katika godauni moja la nafaka, upande wa viwanda. Tulikuwa tunakaa Kaloleni, mimi, mke wangu na watoto wawili, chumba kimoja. Siku hizo za mkoloni mtu wa Nairobi bila kazi hakuwa na chumba, na bila chumba alirudishwa kwao. Kwetu hakukuwa na shamba. Kwa hiyo gunia liliponiangukia na kunivunja paja la kushoto, karibu na nyonga, nililia chumba kwanza ndipo nikalia mguu.

Nililala wodini miezi. Nilipoinuka, dresa mmoja mpole, msaidizi wa daktari, mtu wa magharibi, alinifanyisha mazoezi. Kuchuchumaa kwa miguu miwili niliweza upesi, nikajiona dume. Akacheka.

"Ndugu yangu, huo mguu wa kulia ndio unaomfichia mwenziwe. Kazi yote anaifanya yeye. Hebu simama kwa wa kushoto peke yake."

Nikainua wa kulia. Mara kiuno changu upande wa kulia kikashuka, nami nikayumba kama mlevi hadi nikamshika bega.

"Umeona?" akasema. Akanibonyeza ubavuni mwa nyonga ya kushoto, pale nyama ilipokuwa imeisha kwa kulala. "Nyama hii ndiyo inayoshika kiuno kisidondokee upande wa pili. Miguu yote miwili ikiwa chini, haina kazi kubwa. Ukiinua mmoja, inabeba mwili mzima."

Alimfundisha mke wangu kunipima: anifunge leso chini ya kiuno, asimame nyuma yangu, aangalie pindo. Kila asubuhi nyumbani nilishika ukuta, nikasimama kwa mguu wa kushoto.

"Baba watoto, limeinama."

"Angalia vizuri, mama."

"Naangalia. Limeinama. Na wewe usiegemee kushoto kama mnazi, unanidanganya."

Baada ya wiki kadhaa likawa linainama kidogo tu. Dresa akasema tungoje lisimame sawa bila ukuta, kisha nipande kizingiti cha mlango kwa mguu huo mmoja, polepole, ndipo nizungumze habari za gunia.

Hatukungojewa. Daktari wa kampuni aliniita. Huyu ndiye wa kwanza. Hakuinuka kitini.

"Chuchumaa. Simama. Tena."

Nikachuchumaa mara ishirini, karani akihesabu kwa sauti, mahamali wenzangu wakinipigia makofi mlangoni. "Simba huyo!" Nilitaka kusema, bwana, nijaribu kwa mguu mmoja. Nikafikiria chumba. Nikanyamaza. Huyo wa pili ni mimi, nami simsamehe.

Akaandika: mzima.

Ubao wetu wa kupandia lori ulikuwa mwembamba, kushoto kwake ukuta wa magunia yaliyopangwa. Kwa hiyo desturi ilikuwa kila mtu abebe bega la kulia, gunia lisikwaruze ukuta. Nilikuwa nimejipima nyumbani na debe la maji: nikilibeba kulia, nyonga ya kushoto inashindwa, nikilibeba kushoto, inanipa nafuu. Na kupanda ubao, hata uende pole vipi, kila hatua ni mguu mmoja.

Nikamwendea mnyapara. Huyu ndiye wa tatu.

"Mzee, nakuomba, leo nibebe bega la kushoto. Nyonga haijashika."

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema mzima, mzee, lakini—"

"Basi wewe unabishana na daktari? Au wodini umezoea uji wa kuletewa kitandani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Wakanitwika, bega la kulia.

Hatua ya kulia ilikwenda vizuri. Hatua ya kushoto, nilipoinua wa kulia, nilikijua kinachokuja kama unavyoijua chafya. Kiuno kikadondoka kulia, goti la kushoto likaingia ndani, gunia likanivuta. Sikuwa na ukuta wa kushika. Ule wa magunia ulikuwa upande wa kushoto. Nilianguka nikiwa macho kabisa.

Paja lilivunjika tena pale pale, na mguu ukaunganika mfupi. Nilipouliza habari ya chumba, karani alinisomea ile karatasi ya daktari, kisha akasema: mtu mzima ameanguka kwa uzembe wake, hana kazi tena wala chumba. Wiki hiyo hiyo tulitoa vyombo nje.

Siku ya kuondoka nilijishika kwenye fremu ya mlango, nikainua mguu wa kulia, sijui kwa nini. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, leso yake imejaa masufuria, ameifunga fundo.

"Vipi?" nikamuuliza.

Hakutazama. "Shusha mguu, baba watoto. Twende."