Elfu Thelathini na Tano za Bi Kadija

Saa tatu za usiku Klementi alikuwa bado hajarudi kutoka Sudi, na simu yake haipatikani. Mume wangu Twalib alikuwa ameketi sebuleni akijifanya anasikiliza redio. Redio yenyewe haikuwa na betri.

"Atakuwa amemuua," nikasema.

"Nani kamuua nani?"

"Mama yako, kamuua Klementi."

"Acha maneno, Mama Hafsa. Mama hajapata kumuua mtu."

"Hajapata kupunguziwa hela pia."

Akaiweka redio chini. Mimi nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Kila pikipiki iliyopita hapa Mtanda niliisikia ni ya Klementi, na kila moja ilipita.

Mambo yalianza wiki iliyotangulia. Binti yetu Hafsa alipata nafasi ya kujifunza ushonaji, ada elfu arobaini kwa mwezi, na mwezi wa kwanza ulipwe kabla ya tarehe kumi. Twalib ni seremala, mimi nauza vitumbua asubuhi. Mwezi ukiwa mzuri tunapata laki tatu, ukiwa mbaya tusiongee. Katika hizo, elfu sitini zilikuwa zinakwenda Sudi kwa mama yake, Bi Kadija, na elfu hamsini Mtama kwa mama yangu. Laki na kumi, kabla hatujanunua hata chumvi.

Tukakaa chini baada ya chakula, watoto wamelala. Twalib akaanza, kwa sababu yeye ni mwanamume.

"Mama yako ana mikorosho."

"Mama yako ana bahari."

"Bahari si ya mama yangu!"

"Na hela ya korosho si ya mama yangu. Inakuja mara moja kwa mwaka, na ikija tayari ina wenyewe. Mwenye salfa ya kupulizia mikorosho anangoja, mpalizi anangoja. Unafikiri anaogelea ndani yake?"

Tulibishana mpaka mbu wakashiba. Mwisho tukaona kila tukimpa huyu zaidi, mwingine anageuka yatima. Basi wawe sawa: elfu thelathini na tano Sudi, elfu thelathini na tano Mtama, kila tarehe tano, na ya kutolea juu yetu, ili mzee asifike kwa wakala akakatwa. Ugonjwa tutauzungumza siku hiyo hiyo. Harusi na ngoma za jando, kila mtu atoe mfukoni mwake na asimwambie mwenzake, kusije kukawa na kisirani. Kilichobaki kilikuwa elfu arobaini kamili. Ada ya Hafsa.

Halafu Twalib akakohoa. "Kuna jambo. Dada yangu huwa namtumia ishirini. Pembeni."

"Najua."

"Unajua? Unapekua simu yangu?"

"Sipekui. Huwa naifuta vumbi."

Akanitazama sana. Nami nikatapika yangu: mdogo wangu wa Mtama huwa namtumia kumi na tano, nazitoa kwenye hela ya unga wa vitumbua. Twalib akasema kumbe ndiyo maana vitumbua vimekuwa vidogo, wateja walikuwa wanamuuliza yeye. Tukafuta za dada na za mdogo wangu, tukapeana mikono kama watu wa mnadani.

Mama yangu nilimpigia mwenyewe. Alinung'unika, akataja magoti yake yote mawili, akakubali. Ikabaki Sudi.

Na hapo ndipo mume wangu alipopata akili ambayo hata sasa hatuizungumzii mbele za watu. Kumwambia mama kwa simu ni utovu wa adabu, akasema. Kumwambia uso kwa uso hawezi. Basi atume mtani. Sisi ni Wamwera, na Klementi ni Mngoni wa Songea, fundi pikipiki pale kwenye kona. Mtani anaweza kusema lolote na asikasirikiwe. Siku ya msiba wa baba mkwe, Klementi alijilaza mlangoni akasema jeneza halipiti mpaka alipwe elfu tano, na Bi Kadija, katikati ya kilio, alicheka. Twalib alilichukua hilo kuwa ushahidi. Mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini mimi nina wasiwasi hata na mvua ya jana, kwa hiyo hakuna aliyenisikiliza.

Saa nne kasoro pikipiki ikasimama. Klementi akaingia na furushi la samaki wa kukaanga.

"Shemeji, lete sahani."

"Kasemaje?" Twalib akauliza.

"Kacheka mpaka akashika nguzo. Nimemwambia, 'Bibi, mwanao kakukata mshahara, kuanzia mwezi huu utakula thelathini na tano.' Akaniambia, 'Mngoni mwongo, mlizoea kutuibia ng'ombe, sasa mnaniibia hela.' Nikaapa. Akacheka zaidi. Nikaapa kwa kaburi la babu yangu, akaita majirani waje wasikie."

"Kwa hiyo hakuamini?"

"Hata kidogo. Kanipa samaki. Kasema na yeye ana utani wake, niwaambie kuanzia mwezi huu anataka themanini."

Twalib akashika kichwa. Samaki walikuwa watamu, ndilo lililoniudhi.

Kesho yake asubuhi tukapanda basi, mimi na yeye, mpaka Sudi. Ilikuwa tarehe nne. Bi Kadija alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmekuja na zile themanini?" Akacheka mwenyewe.

Twalib hakucheka. Aliangalia miguu yake kama mtoto aliyevunja chungu. Nikaona kicheko cha mama mkwe kinashuka usoni polepole, mpaka kikaisha.

"Kumbe ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Ukamtuma Mngoni? Mimi nimekufa? Nimekuwa maiti, niletewe watani?" Akatupa ufagio, akaingia ndani, na komeo likalia.

Tukabaki uwanjani. Majirani, ambao jana waliitwa kusikia kichekesho, walitoka tena kusikia mwisho wake. Twalib akabisha hodi. Akabisha tena, akaeleza habari za Hafsa na ada. Komeo halikusogea. Nikaiona elfu arobaini ikiota mabawa. Nikamsogeza mume wangu pembeni, nikaweka mdomo karibu na mlango.

"Mama, ni mimi. Kosa la Klementi ni letu wote wawili, utusamehe. Hela yenyewe tumeikata kwa sababu ya mjukuu wako."

Sauti ikatoka, ya chini, karibu kabisa na ubao.

"Mama yako wa Mtama anapata ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Usinidanganye."

"Wallahi, Mama. Alikuwa anapata hamsini."

"Na wale wadogo zako?"

"Hakuna kitu. Hata dada yake Twalib hakuna."

"Yule mvivu? Hapati kitu kabisa?"

"Hata senti."

Nikasikia kitu kama mtu anajizuia kucheka, au kupiga chafya. Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka nusu, akatoa kichwa, akanitazama mimi, hakumtazama mwanawe.

"Wewe ingia, chai ipo. Huyo akachote maji kwanza, ndoo mbili."