Nakala kwa Mheshimiwa Hakimu

Nilimwandikia wakili wa mume wangu barua kwa sababu simu ilinishinda. Mama yangu alikuwa na wiki tatu kaburini, na kila nikifika "habari za kazi, mheshimiwa" sauti ilikatika. Wakili akadhani ni mtandao. "Sogea penye mtandao, mama," akasema. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na mnara wa simu, hapa Kitahana.

Mume wangu alikuwa mahabusu Kasulu kwa ajili ya pikipiki. Aliinunua kwa mtu wa Nyakitonto, ikaonekana ni ya wizi, akashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Alikana. Dhamana ilikuwa wazi, lakini mdhamini mmoja alitakiwa awe mtumishi wa serikali, na watumishi ninaowafahamu mimi ni wale wanaonidai michango ya kijiji.

Mimi nimeishia darasa la saba, ila barua za ofisi nazijua kwa kuzisoma kwenye mbao za matangazo. Nikaandika YAH: KUULIZA MAENDELEO YA KESI NA KUELEZA UWEZO WANGU WA KULIPA. Nikataja namba ya kesi. Nikauliza kama upelelezi umekamilika, maana kila baada ya siku kumi na nne anapelekwa mahakamani na kurudishwa. Nikauliza kama yeye wakili anataka kujitoa. Kuhusu malipo nikasema tulikubaliana laki sita, nimelipa laki mbili, zilizokuwa zifuate zimeliwa na msiba. Naweza elfu thelathini kila mwisho wa mwezi, na maharage yakivunwa, laki moja kwa mkupuo. Rambirambi imebaki kidogo, lakini hiyo siigusi, ni ya kujengea kaburi.

Hapo ningeweka sahihi ningekuwa mwanamke mwenye akili. Lakini nilihofu ataniona mjanja wa kukwepa deni, nikaongeza aya ya kuthibitisha kwamba mimi ni mkweli: "Hata siku alipoileta pikipiki nilimwambia bei hii ni ya kitu cha wizi, akaniambia ninyamaze."

Kisha, kwa kuwa sijawahi kuona barua ya maana isiyo na nakala, nikaandika chini: Nakala kwa Mheshimiwa Hakimu na kwa Mkuu wa Gereza. Nikazinakili zote mbili kwa mkono, kwa mwandiko wangu bora.

Kasulu nilianzia kwa wakili, kwa heshima. Akasoma akitikisa kichwa vizuri tu, mpaka chini. Akavua miwani.

"Mama, hii ya hakimu iko wapi?"

"Kwenye mkoba. Nikitoka hapa naipeleka."

"Ilete. Na ya gereza."

Akazishika kama mtu anayepokonya mtoto kisu. "Shitaka hili linasimama kwa jambo moja: alijua ni ya wizi, au alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Mwendesha mashtaka anahangaika kuitafuta hiyo sababu. Wewe umempandia gari kumletea!"

"Lakini ni kweli."

"Sikwambii useme uongo. Hata kukulazimisha utoe ushahidi dhidi ya mumeo hawawezi. Barua ya wakili ni ya wakili, mama. Haina nakala."

Nikaomba radhi. Akanijibu niliyouliza: upelelezi umekamilika, tarehe ijayo yatasomwa maelezo ya awali, kisha mashahidi. Hajitoi. Elfu thelathini amekubali, akaandika stakabadhi ya ile niliyokuja nayo. Kisha akasema kwa upole, "Nenda ukamwone mumeo. Mwambie ulichoniandikia."

Gerezani mume wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka kumpa hakimu?"

"Na bwana jela."

"Yewe! Kwa nini hukuniletea panga tu?" Akacheka, halafu akajifuta uso kwa kiganja. "Uliniambia kweli."

"Nilikuambia."

"Mwambie wakili aje."

Sikujua anataka nini. Tarehe ilipofika, kabla maelezo hayajasomwa, wakili akasimama akasema mteja wake anaomba kubadili jibu lake. Akasomewa shitaka upya, akakiri. Nilijua ni mimi niliyemfunga. Wakili akaomba apunguziwe adhabu: ni kosa la kwanza, pikipiki imerudi kwa mwenyewe, hakupoteza muda wa mahakama, na amekaa mahabusu miezi. Hakimu akamhukumu kutumikia jamii: kufyeka na kusafisha zahanati kwa miezi sita, huku akilala nyumbani.

Tulipotoka hakunishukuru wala hakunilaumu. Aliuliza tu wakili tunamdai au anatudai.

"Anatudai. Laki tatu na elfu sabini."

Akakaa kwenye ngazi za mahakama.

"Hiyo nayo," akasema, "usimwandikie mtu."