Mradi Ulimfaa Shemeji

Nilitumwa Kamachumu kutathmini mradi wa kuzuia mnyauko wa migomba. Wakulima walikuwa wamefundishwa kung'oa kila shina lililougua, kuchoma panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kuiacha sehemu ile tupu kwa miezi kadhaa. Vibanja vingine, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vilipona. Vingine, jirani kabisa, viliendelea kuoza. Mfadhili alitaka jibu moja: mradi umefanya kazi au haukufanya? Mimi nilijivunia kuuliza tofauti: umemfaa nani, akiwa katika hali gani, na ni kitu gani moyoni mwake kilichomfanya ang'oe au asing'oe.

Mjane mmoja alihudhuria mafunzo yote, wala hakung'oa hata mgomba mmoja. Katika tathmini ya namna hii humfichi unayemhoji dhana yako. Unamweleza ili akusahihishe. Nikamwambia, "Mama, nadhani wajane hamng'oi kwa kukosa wa kuwasaidia kazi."

Alicheka. Akakata mgomba mmoja mbele yangu, usaha wa njano ukachuruzika.

"Nguvu ninazo, mwanangu. Mume wangu hakuniachia karatasi ya ardhi. Migomba ndiyo karatasi yangu. Nikiing'oa, shemeji yangu atasema kibanja hiki hakina mwenyewe."

Nilifurahi mno, naona aibu kukumbuka nilivyofurahi. Mafunzo yalikuwa yaleyale, lakini kwa mwenye mume ardhi tupu ilikuwa tiba, na kwake ilikuwa kufukuzwa. Niliandika haraka hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Baada ya wiki mbili nilirudisha matokeo kwenye mkutano wa kijiji. Jina sikutaja. Nilisema tu, "mjane mmoja mwenye kibanja karibu na shule." Watu wakageuka wote kumtazama. Yeye akainamia mikono yake.

Shemeji yake alinyoosha mkono, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo mtaalamu, ugonjwa unaweza kutoka kwake ukaja kwetu?"

"Unaweza," nikasema. Ndiyo ukweli.

Kesho yake asubuhi shemeji alifika kwa mjane na wanaume sita. Waling'oa migomba yote, mizima na migonjwa, na panga wakalichoma motoni kama walivyofundishwa. Mjane aliketi mlangoni akiwaomba wamwachie hata ile ya nyuma ya jiko. Mwenyekiti wa kijiji aliwasifu kwa kutekeleza mradi.

Mkuu wangu wa kazi Bukoba aliipenda ripoti. Aya ya mjane aliipigia mstari. "Hapa umechimba," alisema.

Miezi ilipita. Nikamkuta mjane yule mtaa wa Kashai, mjini Bukoba, kwenye chumba cha kupanga, akimenya ndizi za mama lishe mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba," bila kuacha kisu.

"Shemeji amepanda miche safi," akasema. "Inastawi. Andika."

Nilikuwa nimeshaandika. Katika ripoti yangu kibanja kile kilikuwa miongoni mwa vilivyopona.