Mikono Yangu na Picha ya Wageni

Kwa wiki kadhaa niliamini kuwa mikono yangu imeanza kuugua. Mama yangu alianza hivyo hivyo kule Pemba. Kwanza vidole vilichelewa, kikombe kikamponyoka, kisha akaanza kutetemeka, na mwisho tukawa tunamlisha kwa kijiko. Mimi hapa London kazi yangu ni kutunza wazee. Nawageuza kitandani, nawavisha soksi, nawafunga vifungo. Bila mikono sina kazi.

Nikitoka kazini huwa nacheza gemu ya mbio za magari. Wapo wanaonicheka, mwanamke wa umri wangu, mtandio kichwani, kang'ang'ania kontrola. Wacheke. Mashine ya gemu ni yangu, na nusu saa ya gemu ndiyo inayonirudishia akili baada ya kutwa ya kutumwa. Kuna kona moja karibu na daraja nilikuwa naipita huku nasimulia hadithi.

Basi ghafla nikawa naigonga. Kila siku, ukuta uleule. Nabonyeza breki, gari linakawia, nimeshaingia ukutani. Nikamwambia mume wangu, aliyekuwa amekaa palepale kwenye sofa.

"Shifti zimekuzidi," akasema. "Mwili umechoka, bibie."

Nikapunguza shifti. Kona ikanishinda vilevile. Hapo ndipo nilipomweleza ya mama, huku nalia. Akanishika mkono, akaupapasa, akasema, "Nenda kwa GP akuangalie, roho yako itulie." Nikaenda. Daktari akaniambia nigonganishe vidole, nitembee, nirudi. Akasema haoni kitu kwa sasa, lakini tutaendelea kuangalia. Hilo "kwa sasa" nikarudi nalo nyumbani Harrow, nikalala nalo.

Jumapili moja nikaenda kwa mdogo wangu anayekaa Hayes. Ana mashine kama yangu na gemu ileile, ila televisheni yake ni ndogo, ya zamani. Akanilazimisha nicheze. Nikaipita kona. Nikarudia, nikaipita tena. Nikaanza kulia na kontrola mkononi.

"Dada, una nini?"

Nilipomweleza alikunja uso. "Kwako mnacheza Quality au Performance?"

Performance, nikamjibu, niliiweka mwenyewe siku ya kwanza. Hiyo inapunguza ukali wa picha kidogo, lakini mashine inatoa fremu, yaani picha, sitini kila sekunde, na gari linaitikia mkono upesi. Quality inakupa picha kali kabisa ya 4K, kila jani unaliona, ila kwa gemu ile fremu ni thelathini tu, na ulichobonyeza kinachelewa kuonekana. Mtu anayekimbiza magari haendi huko.

"Kaangalie," akasema mdogo wangu.

Nilifika nyumbani sijavua hata koti. Nikafungua mipangilio ya gemu: Quality. Nikafungua na ya televisheni. Ile hali ya gemu, inayoharakisha picha, imezimwa, imewekwa ya sinema, ambayo huipamba picha kwanza ndipo iitoe, kwa hiyo ucheleweshaji ukaongezeka juu ya ucheleweshaji. Haya hayajiweki yenyewe.

Mume wangu alikuwa jikoni anachemsha chai.

"Nani kagusa settings?"

Wala hakukana. "Mie. Kabla ya Idi, walipokuja kaka zangu. TV kubwa vile, wageni waone picha imefifia? Uliwaona wenyewe, walisimama karibu kabisa kutazama matone ya mvua juu ya gari."

Niliwaona. Nilikuwa nawapitishia kaimati huku yeye akijipiga kifua kama aliyeichora mvua ile mwenyewe. Na picha yenyewe, ukikaa kwenye sofa letu, huoni tofauti mpaka usogeze pua kwenye kioo.

"Na nilipokwambia mikono yangu inachelewa, ulijua?"

"Nilishuku."

"Na nilipokwenda kwa daktari?"

Akaanza kukoroga chai ambayo hajaitia sukari. Nikamwambia aweke kijiko chini anijibu. Nilipiga kelele, jirani alisikia, na mpaka leo sioni haya. Mtu huyu alinishika mkono. Alikaa akanisikiliza namlilia mama yangu, na dawa ilikuwa ndani ya rimoti iliyo pajani pake.

"Wageni walikuwa bado wanakuja," akasema. "Picha ilikuwa nzuri. Nilidhani utazoea."

Na kweli nilikuwa nimeanza kuzoea. Viatu nilivyokuwa navyo miguuni siku ile vilikuwa vipya, vya kubandika, havina kamba. Nilivinunua nikijiandaa kwa siku vidole vitakaposhindwa kufunga kamba.