Ng'ombe Miguu Juu

Mama aliniomba kitu kimoja tu: khanga ya kumaliza msiba wa baba, sare ya wanawake wa ukoo, yenye jina alilolitunga mwenyewe, SIKUCHOKA KUKUUGUZA. Mawifi zake walikuwa wametangaza Misungwi nzima kwamba alimtelekeza mgonjwa. Hakuwa na jibu jingine, na mchapaji wa vitambaa katika ukoo ni mimi.

Karakana yetu ya Mwanza ni watu wawili, meza ndefu na fremu za wavu. Fremu kubwa huchapa pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, ndogo huchapa jina. Maua tuliyozoea hayana juu wala chini, kwa hiyo jina ukiliweka ukingo huu au ule ni sawa. Safari hii nilichora ng'ombe, maana baba alikuwa mfugaji.

Nilikagua, jamani! Nilisoma herufi moja moja: hazikugeuka kama kwenye kioo, wala rangi haikuziba matundu ya A na O. Nikapima kwa futi, kila kipande jina limekaa katikati. Lakini nilikuwa nimesimama upande wa dirishani, kama siku zote, na kuchapa vipande vyote jina likinielekea mimi. Kwato za ng'ombe zilimwelekea mwenzangu ng'ambo ya meza.

Kanuni ni kufunga kipande cha kwanza kiunoni, mtu akisome kutoka mbali. Niliiruka kwa sababu misa ilikuwa kesho yake. Haraka haraka haina baraka, na mimi huwaambia hivyo wateja.

Tulipokuwa tunaanika, mwenzangu akasimama. "Dada, mbona ng'ombe wamelala chali?"

Nilikaa chini sakafuni. Ukivaa jina lisomeke, ng'ombe miguu juu, na kwetu huo ni mzoga. Ukiwasimamisha ng'ombe, jina linapanda kiunoni, kichwa chini, linamezwa na mkunjo. Rangi ilikuwa imeshika na kitambaa kimekwisha. Nililia kwa hasira. Nilitamani karakana iungue nipate la kusema.

Asubuhi nilimkuta mama jikoni, mawifi wamejaa uani.

"Shikamoo mama. Nimekuharibia."

"Marahaba." Akaipokea khanga, akaikunjua, akaigeuza huku, akaigeuza kule. Nikamweleza, nikamsihi avae ng'ombe wakiwa wamesimama, tusiongeze balaa. Akaifunga jina likiwa chini, linasomeka wazi, akatoka nje.

Shangazi mkubwa alilisoma, midomo ikicheza. Halafu akawaona ng'ombe. "Mke wa kaka, unatuletea mizoga msibani?"



"Ndio hao, wifi," mama alisema. "Mlikuwa mnauliza walikokwenda. Wote niliwauza kulipia hospitali, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuja kunisaidia hata kumgeuza kaka yenu kitandani."

Shangazi alinyoosha mkono, akaomba na yeye khanga yake.