Uso Nilioutia Ukungu

Kazi yangu miaka ile ilikuwa kuficha watu. Nilikuwa mhariri wa picha katika chaneli ndogo ya mtandaoni pale Tarime mjini, chumba kimoja juu ya duka la vipuri, kompyuta mbili na feni iliyokuwa ikizunguka inapotaka. Tulikuwa watatu: bosi wetu aliyeandika habari, mpiga picha ambaye ni mtu mzima aliyewahi kupiga picha za harusi, na mimi, binti wa fundi cherehani kutoka Mugumu. Kamera ilipotoka Nyangoto kwenye dhahabu, kila kitu kilipita mezani kwangu kabla hakijaenda hewani.

Watu hudhani kutia ukungu usoni ni kubonyeza kitufe. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele, karibu ni hivyo. Unachora duara juu ya uso, unaiambia programu iufuate, inaufuata. Lakini watu wa machimbo hawakai. Anageuka, anainama, mwenzake anapita mbele yake, na duara linabaki limeganda kwenye bega la mtu mwingine huku uso wenyewe uko wazi. Kwa hiyo nilikuwa napita picha moja baada ya nyingine, ishirini na tano kwa kila sekunde, nasogeza duara kwa mkono. Uso ukionekana katika picha moja tu kati ya hizo, anayetaka kuujua atasimamisha video hapo hapo.

Baada ya nyuso zilifuata namba za pikipiki zilizobeba viroba vya mawe. Halafu nembo kwenye sare za wanafunzi, na karatasi za fidia ya ardhi ambazo wazee walituinulia mbele ya kamera kwa uchungu, bila kukumbuka kwamba jina, namba ya simu na namba ya kiwanja vinasomeka vyote.

Siku moja mpiga picha alirudi na mahojiano ya vijana waliokuwa wakiingia kuokota magwangala, yale mawe ya mabaki yanayomwagwa na mgodi. Mmoja wao alizungumza vizuri kuliko wote. Alikuwa na umri kama wangu, mrefu, ana pengo dogo kwenye meno ya mbele, na kila akimaliza kusema jambo gumu alicheka kidogo kama anayeomba radhi. Mwanzoni kabisa, kabla hajaulizwa lolote, alisema:

"Uso wangu msiuoneshe. Sio polisi ninaowaogopa sana. Mama yangu yuko Nyanungu, anajua niko Sirari napakia mizigo kwenye malori. Akijua niko huku hatalala."

Nikamficha. Nilitia ukungu mzito, maana ule mwepesi unaacha umbo la pua na macho, na anayemfahamu mtu hahitaji zaidi ya hapo. Sauti yake nikaishusha ikawa nzito kama ya mzee. Maneno yake ya mwanzo kuhusu mama nikayakata. Nilimtazama kwa siku mbili nzima, uso wake mkubwa kwenye kioo, nikimfuata kila alipogeuza shingo, na nakumbuka niliridhika nilipomaliza. Video ikaenda hewani. Mwisho wa wiki nikafuta picha za asili, zile zisizotiwa ukungu, kama kawaida yetu. Kadi za kamera zilikuwa mbili tu na zilitakiwa kurudi kazini, na bosi alikuwa akisema, "Kitu ambacho hatuna, hakuna atakayekuja kutunyang'anya." Nilimwona ana busara. Bado naona alikuwa na busara.

Ilipita kama miezi minne. Asubuhi moja wakapanda ngazi wanawake wawili, mmoja wa umri wa mama yangu amejifunga kanga kichwani, mwingine msichana aliyembebea mfuko. Nilisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa, akatazama kompyuta muda mrefu. "Nimeambiwa hapa ndipo mlipomfunika kijana wangu."

Binti yake alitoa simu akanionesha video yetu, ikiwa imesimamishwa kwa yule kijana mwenye uso wa ukungu. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kaka yake amefariki. Shimo la wachimbaji wadogo lilititia, wakatoa watu watatu, yeye alikuwa wa pili. Simu yake ilisagika pamoja naye. Kitambulisho cha taifa alikuwa na namba tu, kadi yenyewe haikuwahi kutoka. Nyumbani ipo picha yake moja, ya darasa la saba.

"Ile ni ya mtoto," mama akasema. "Mimi nimemzika mwanaume. Nataka huyu wa hapa. Mfunue nimwone, halafu mnitolee kwenye karatasi."

Nilimwambia pole. Nikamwambia haiwezekani kumfunua, akaniuliza kwa nini, kwani si mimi niliyefunika?

"Ni mimi, mama. Lakini sio kama kitambaa kwamba uso uko chini yake. Nikishatoa video ya mwisho, ule ukungu ndio unakuwa picha yenyewe. Chini yake hamna kitu."

"Na ile ya kwanza, kabla hujafunika?"

"Tuliifuta."

Akageuka kwa binti yake wakazungumza Kikurya. Sikuelewa maneno, ila niliona binti anarudia jambo moja mara tatu, na mama anatikisa kichwa.

Kisha nikauliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa tangu walipoingia. Nikauliza walijuaje kwamba ni yeye, na uso umefichwa, na sauti si yake.

Mama akanyoosha kidole kwenye kioo cha simu. Mkono wa kushoto wa kijana ulikuwa umeshika mpini wa sururu, na kidole cha shahada kiliishia katikati. "Mashine ya kusaga. Alikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyemfunga hicho kidole."

Nilikuwa nimeutazama mkono huo siku mbili na sikuuona. Nilikuwa natafuta uso.

"Jirani alinionesha wiki ile ile mlipoiweka," akaendelea. "Nikamjua saa hiyo hiyo. Akija nyumbani ananisimulia malori ya Sirari, mara dereva fulani, mara Wakenya wa Isebania, mimi namsikiliza tu. Nilingoja aniambie mwenyewe. Sikutaka ajue najua. Ningemwambia, labda angeacha."

Binti akasema, "Mama, asingeacha." Ilisikika kama maneno waliyokwisha kuambiana mara nyingi.

Nilifungua mbele yao mradi wa ile video, faili linalotunza hatua za uhariri bila picha zenyewe, nikijua nitakachokuta. Mradi ulikuwepo. Maduara yangu yote yalikuwepo, kila mahali nilipoyasogeza, yakitembea juu ya kioo chekundu kilichoandikwa kwamba picha haipatikani. Ungeweza kuona kichwa chake kilipogeukia kulia, kilipoinama, kilipocheka. Kichwa tu hakikuwepo. Mama akauliza hivyo vinavyotembea ni nini. Nikafunga.

Waliondoka baada ya kuniachia namba ya simu ya binti. Mpiga picha aliporudi mchana nikamweleza. Akakaa kwenye ngazi, halafu akaenda kutoa kadi zote mbili kwenye mkoba. Tukajaribu programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Ilitoa vipande: mkutano wa diwani, ng'ombe walioibwa wakarudishwa, harusi aliyoipiga kwa siri bila bosi kujua. Kadi ilikuwa imerekodiwa juu yake mara nyingi mno. Cha kijana hakikutoka hata kipande.

Jioni alikumbuka kinasa sauti. Kwenye machimbo kulikuwa na kelele za makarasha yanayosaga mawe, kwa hiyo alimpachika kijana maiki ndogo kifuani, na sauti ikaingia kwenye kifaa chake, si kwenye kamera. Mafaili ya sauti ni madogo, na hakuna aliyekuwa amejisumbua kuyafuta. Ilikuwepo. Dakika kumi na moja, sauti yake yenyewe, na maneno ya kwanza kabisa yalikuwa yale: uso wangu msiuoneshe.

Niliisikiliza mara mbili na kuwaza kuikata sehemu ile. Ingekuwa rahisi, kazi ya sekunde chache. Nilishaikata mara moja. Nikampigia binti, nikamweleza kilichomo, nikamwambia amuulize mama kama anaitaka. Nikamsikia akimweleza mama yake kwa Kikurya, kisha akasema, "Mama anasema usitoe kitu."

Walirudi siku ya gulio. Nilimvalisha mama vipokea sauti mwenyewe, nikavirekebisha juu ya kanga. Sauti ilipoanza, mikono yake ilishika ukingo wa meza. Sikuwa nasikia chochote, nilikuwa naona uso wake tu, na nilijua kijana amefika wapi kwa kumtazama yeye. Dakika zote kumi na moja hakulia. Ilipokwisha akavivua.

"Rudisha pale anaponitaja."

Nikarudisha. Akasikiliza, akaomba tena. Mara ya nne akaniambia inatosha.

"Hatalala," akasema, akirudia neno la mwanawe. "Amesema kweli."

Nilimwekea binti ile sauti kwenye simu. Nikamuuliza mama kama anataka tuiondoe video mtandaoni. Alisema tuiache. Kule nyumbani wadogo wa kijana wanaiangalia, wanaangalia ule mkono. Nikajikuta nataka kumwomba msamaha, lakini sikujua naombea nini, kwa kuuficha uso au kwa kutouficha mkono. Nikasema tu pole mama, akasema asante.

Waliposhuka nilibaki na video ile kwenye kioo na nikasogea chini, mahali watu wanapoandika maoni. Sikuwa nimeyasoma muda mrefu. Mmoja ameandika, mbona mmemficha, onesheni wezi hao. Mwingine ameandika kwamba anayejificha ana lake jambo. Mwingine anacheka. Yalikuwa mengi, mengine yameandikwa wiki hiyo hiyo waliyorudi. Mama hajui kusoma, lakini binti anajua, na sasa nilielewa kwa nini, aliponionesha simu, kidole chake gumba kilikuwa kimelala sehemu ya chini ya kioo muda wote, juu ya maoni hayo.

Nikafunga sehemu ya maoni. Bosi aliuliza kesho yake kwa nini, maana watu wakibishana ndipo video inapotembea. Nikamwambia nimefunga na sitafungua. Alinitazama akaacha.

Tangu hapo naanza na mikono. Naangalia makovu, pete, jinsi mtu anavyosimama, raba alizovaa, kiraka kwenye koti. Kazi imekuwa ya polepole na bosi analalamika. Mara nyingine nikimaliza, mtu mzima mzima anabaki kivuli kinachozungumza, na hata mimi niliyemfunika siwezi tena kusema alikuwa nani. Picha za asili tunaendelea kuzifuta. Tulijadiliana, mimi na wao, na hakuna aliyepata njia nyingine iliyo salama kwa walio hai.