Saa Nne ya Gari

Mimi ni mwoga na sioni haya kusema hivyo. Naogopa mbwa, radi, na simu inayolia alfajiri. Lakini wiki ile ya mwisho ya ujauzito wangu wa pili, nilikuwa naogopa kitu ambacho majirani zetu wa Kiplombe wangekicheka: asilimia themanini.

Gari letu ni la umeme, la mitumba kutoka Japani, na betri yake imeshazeeka. Mume wangu, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, alilinunua akiwa ameshasoma kila kitu kulihusu. Alisema betri ni sawa na tumbo: ukiijaza mpaka juu kila siku na kuiacha imeshiba, inachakaa upesi. Kwa hiyo aliiwekea mpaka. Ikifika themanini, chaji inakatika yenyewe. Mia tutaijaza siku ya safari ndefu tu, na tutaondoka mara ikijaa.

Jambo la pili lilikuwa saa. Tulikuwa na mita ya pili pale ukutani, ya gari peke yake, na umeme wake hushuka bei kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Gari hilo lina akili yake. Unalichomeka jioni, nalo linakaa kimya likingoja saa uliyolipangia, kisha linaanza kula huku ninyi mmelala. Asubuhi unalikuta na themanini yake. Kwa mwaka mzima halikutuangusha hata mara moja.

Hata hivyo niliogopa. Mtoto wa kwanza nilimzaa kwa kisu katika hospitali ya misheni kule Plateau, ng'ambo ya mji, na daktari aliponipangia upasuaji wa pili alinitazama usoni akasema, "Mama, uchungu ukianza kabla ya tarehe, usikae nyumbani. Hiyo kovu inaweza kufunguka. Kuja mara moja." Neno hilo kufunguka lilihamia kichwani mwangu. Nilikuwa nikikatakata mboga ya sukuma nalisikia. Nilikuwa nikipiga hesabu za magunia pale kwenye ghala la nafaka ninakofanya kazi ya ukarani, nalisikia.

"Si tuweke mia hii wiki moja tu?" nilimwomba.

"Themanini inatupeleka Plateau na kuturudisha, na inabaki," akasema. "Unaogopa bure, Mama Watoto."

"Na wewe unapenda hiyo betri kuliko mimi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ng'ombe wake wawili, alikoroga chai akasema kwamba gari la mafuta halina maneno mengi hivi.

Jumatatu ya wiki hiyo fundi mmoja wa mjini alikuja kubadilisha lugha ya skrini ya gari, maana tangu tulinunue lilikuwa likituandikia Kijapani na mume wangu alikuwa amekariri vitufe. Fundi alifanikiwa, lakini mipangilio yote ikafutika, mpaka na saa pia. Jioni mume wangu alirudi na chaji asilimia ishirini, kwa kuwa alikuwa amezunguka mjini mchana kutwa. Akachomeka waya, akaketi ndani ya gari, mlango wazi, akipanga upya. Mama mkwe alisimama karibu naye na ndoo ya maziwa. Mimi nilikuwa dirishani jikoni na niliwasikia vizuri.

"Sasa hii kitu inaanza kukula stima saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne, Mama," akajibu, kidole kikiwa kwenye skrini.

"Na inaacha?"

"Ikifika themanini. Ikichelewa sana, saa kumi na mbili."

Tukala, tukaomba, tukalala.

Niliamka tumbo limekaza. Nilitulia nikijidanganya kuwa ni maharagwe. Likaachia. Likakaza tena, na safari hii maumivu yalishuka hadi mgongoni, nami nikajua. Simu ilionyesha saa kumi na nusu alfajiri. Nilimtikisa mume wangu, naye akaelewa kabla hajafungua macho.

Mama mkwe alikuwa ameshafunga kilemba wakati natoka chumbani. Sijui aliamka saa ngapi. Akanitupia blanketi la sufu mabegani, kwa kuwa baridi ya Kiplombe saa hizo haina adabu, na tukatoka nje. Mume wangu alikuwa ndani ya gari, taa ya skrini ikimpiga usoni. Taa ya chaji juu ya dashibodi ilikuwa inawaka na kuzimika, ile ya mwanzo kabisa, ambayo huonekana gari likiwa ndio kwanza limeanza kula.

"Iko ngapi?" nikauliza.

Akagusa skrini, akafungua ukurasa mwingine.

"Baba Watoto, charge iko ngapi?"

"Twenty-six."

Nilidhani sikusikia vizuri. Niliinama, nikiwa nimeshika mlango, nikaona mwenyewe. Ishirini na sita. Chini yake, kwenye ukurasa wa mipango aliokuwa ameufungua, paliandikwa kuanza: 04:00.

"Saa nne," akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya kaburini. "Nimeiandikia saa nne."

Saa nne yetu ya usiku, kwa gari, ni ishirini na mbili. Alijua hivyo. Alikuwa akiipanga kwa Kijapani mwaka mzima bila kosa. Lakini jioni ile mdomo wake ulikuwa unamjibu mamake, na kidole kikafuata mdomo. Usiku kucha gari lilikaa limechomekwa bila kula chochote, na lilipoanza, nusu saa baadaye mimi nikaamka. Mtu huyu huwakata alama wanafunzi wanaoandika "saa ten".

Sikumlaumu. Hofu ilikuwa imejaa, hapakuwa na nafasi ya hasira. Jirani mwenye pikapu alikuwa amelala Kitale. Bodaboda na kovu langu havingepatana. Mume wangu akachomoa waya, tukaingia, mimi na mama mkwe kiti cha nyuma. Mtoto wetu wa kwanza tulikuwa tumeshampeleka kwa shangazi yake kungoja siku ya upasuaji.

"Heater siwashi," akasema. "Inakula. Vumilieni."

Kwa hiyo tulikwenda tukitoa moshi mdomoni. Aliendesha polepole mno, mguu wake ukikigusa kikanyagio kama anayekanyaga mayai, na kila palipokuwa na mteremko alikiachilia kabisa ili gari lirudishe umeme kidogo kwenye betri. Kwenye skrini palikuwa na namba ya kilomita zilizobaki. Sikutaka kuitazama na sikutazama kitu kingine. Thelathini na nne. Thelathini na mbili. Tumbo lilipokaza nilifumba macho, na nilipofumbua ishirini na nane ilikuwa imefika, ingawa barabara haikuonekana kupungua.

Tulipofika mjini akapunguza mwendo zaidi.

"Hapa kuna hospitali," akasema. "Nyingi. Sema tu."

Nikafikiri. Faili yangu ilikuwa Plateau. Daktari aliyenikata, anayelijua kovu lile kuliko mimi, alikuwa Plateau. Mama mkwe alikuwa ameshampigia, naye amesema wanatungoja. Hapa tungeanza upya na watu wasionijua. Lakini hapa palikuwa na taa na watu, na mbele palikuwa na mashamba tu.

"Tutafika?" nikauliza.

"Kwa hesabu, tutafika."

"Na kwa ukweli?"

Mama mkwe akanishika goti. "Mtoto wangu, uchungu iko karibu karibu ama bado?"

"Bado kidogo."

"Basi amua wewe. Mwenye tumbo ni wewe."

"Nenda," nikasema.

Sehemu ile ya mwisho siisahau. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili, marefu, meusi. Nilisali kwa Kiluhya, lugha niliyokuja nayo kutoka magharibi na ambayo huniamkia nikiogopa sana. Namba ikafika nane, ikawa saba, halafu ghafla haikuwa namba tena. Palibaki vistari tu. Gari halikujua tena, au halikutaka kutuambia.

"Hizo ni nini?" nikapiga kelele.

"Ni kawaida. Ikibaki kidogo sana inaacha kuhesabu."

"Kawaida ya nani?"

Maumivu yakaja, makali kuliko yote, na nikahisi kitu kikivutika mahali hasa penye kovu. Nikasema, "Inafunguka." Sikulia. Nilisema tu, kwa sauti ndogo, na mume wangu akageuka na nikaona kwamba naye alikuwa anaogopa, pengine tangu nyumbani. Hilo lilinitisha kuliko vistari. Nilikuwa nimezoea kuwa mwoga peke yangu katika nyumba ile.

Kwenye kilima cha mwisho gari likakosa nguvu. Ikatokea alama ya kobe kwenye skrini, mchoro mdogo wa rangi ya manjano, na tukaanza kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mama mkwe alifungua mlango.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nipunguze uzito."

Akashuka kweli, mwanamke wa umri ule, na kilemba chake, akatembea kando ya dirisha langu, mkono juu ya kioo. Tulifika kileleni pamoja. Kutoka hapo taa za hospitali zilionekana, na barabara ilikuwa inashuka. Akarudi ndani akihema, na gari likateremka lenyewe hadi langoni.

Muuguzi aliyetujua tangu kliniki alitupokea na kiti cha magurudumu. "Uchungu ilianza saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu," mume wangu akasema. "Four thirty. A.m. Saa kumi na nusu za alfajiri, si za jioni. Four thirty, andika four thirty."

"Nimeandika, Mwalimu."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Nikasukumwa ndani.

Kovu lilikuwa limekonda, daktari alinieleza baadaye, lakini lilikuwa halijafunguka. Walinikata niko macho, pazia la kijani kifuani, na nilijua mtoto ametoka kwa sauti yake. Nililia mpaka muuguzi akanifuta masikio, maana machozi yalikuwa yanaingia huko.

Kwao mume wangu, mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa. Wa usiku ana lake, wa mapambazuko ana lake, wa ng'ombe wakitoka malishoni ana lake. Waliporuhusiwa kuingia, mama mkwe alimpokea mjukuu, akamfunua uso, akamgeukia mwanawe.

"Amezaliwa saa ngapi?"

Mwalimu wa Kiswahili alifungua mdomo. Nikamwona akilitafuta jibu, nikaona midomo ikianza kulisema, kisha akaufunga. Alikwenda dirishani akavuta pazia. Nje mashamba ya Plateau yalikuwa yanapata rangi, na gari letu lilisimama karibu na lango, limezimika kabisa.

"Tazama mwenyewe, Mama," akasema.

Mama mkwe akatazama, akamwita mtoto jina lake.